Tangazo la kazi lina majukumu na lina sifa za mwombaji: CV ifuate lipi?

#1 Binti_wa_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza kimetangaza nafasi ya afisa udhibiti ubora, na mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Nimesoma tangazo mara kadhaa, naona sehemu ya majukumu inanibeba na sehemu ya sifa inanitupa nje. Naliweka kama lilivyo:

MAJUKUMU
- Kusimamia ukaguzi wa samaki wanapopokelewa kiwandani (joto, urefu, ubichi).
- Kutunza kumbukumbu za HACCP na kuhakikisha kila shehena inafuatilika hadi mwalo ilikotoka.
- Kuchukua sampuli za maji, barafu na meza za kukatia kwa ajili ya maabara.
- Kushirikiana na wakaguzi wa serikali wakati wa kukagua mzigo wa kusafirisha.
- Kuwafundisha wafanyakazi wapya kanuni za usafi.

SIFA ZA MWOMBAJI
- Shahada ya sayansi ya chakula, uvuvi au fani inayofanana.
- Uzoefu usiopungua miaka mitatu kwenye kiwanda cha chakula.
- Cheti cha mafunzo ya HACCP.
- Ujuzi wa kompyuta, hasa Ekseli.
- Leseni ya udereva daraja D.
- Kuifahamu ISO 22000 itakuwa sifa ya nyongeza.

Mimi nina stashahada ya chuo cha uvuvi Nyegezi, siyo shahada. Nimefanya mapokezi ya samaki kwenye kiwanda kingine zaidi ya miaka minne. Cheti cha HACCP ninacho, leseni ninayo. Nafasi ya CV ni kurasa mbili tu, wamesema wenyewe. Nizijaze kwa kufuata majukumu au sifa?

#2 Mzee_wa_Igogo
Fuata sifa, binti yangu. Majukumu ni kazi utakayoifanya ukishaajiriwa, CV ni mambo uliyokwisha kuyafanya. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Chukua sifa moja moja, iandike, weka ushahidi wake, basi. Majukumu utakutana nayo kwenye mkataba.

#3 Kamanda_Nyakato
Kwenye barua ya maombi usisahau anwani mbili, yako juu kulia na ya mwajiri chini kushoto. Wengi wanakosa kazi hapo. Halafu kichwa cha habari kiwe kwa herufi kubwa.

#4 Furu_Mbichi
Kamanda, ameuliza CV, wewe umeshafika kwenye barua 😂 Soma uzi kwanza kaka.

#5 Mama_Ajira
Mwangaluka wote. Nimekaa ofisi ya rasilimali watu ya kiwanda cha samaki muda mrefu, acha nieleze jinsi maombi yanavyopita mikononi mwa watu, maana jibu limo humo.

Maombi yakifika yanasomwa mara mbili na watu wawili tofauti. Wa kwanza ni mtu wa ofisini, mara nyingi kijana mwenye karatasi iliyochorwa safu: elimu, miaka ya uzoefu, cheti, leseni. Huyo hajui tofauti ya minofu yenye ngozi na isiyo na ngozi, wala hatakiwi kuijua. Anatafuta kitu cha kuweka alama ya vema. Asipokiona haraka anaweka mkasi na kwenda kwa anayefuata. Huyu ni msomaji wa sehemu ya SIFA.

Yanayobaki yanapelekwa kwa meneja wa ubora. Yeye haangalii tena vyeti, anajua vimeshahakikiwa. Anasoma sehemu ya uzoefu peke yake, na kichwani ana tatizo linalomnyima usingizi: samaki wanaoingia na joto, fomu zisizojazwa, mzigo uliozuiwa. Huyu ni msomaji wa MAJUKUMU, na mara nyingi ndiye aliyeyaandika.

Kwa hiyo Mzee wa Igogo amesema kweli nusu. Ukifuata sifa tupu, utapita kwa yule kijana na utakwama kwa meneja, kwa sababu CV yako itafanana na za wengine wote waliopita. Ukifuata majukumu tupu, meneja hatakuona kabisa.

Nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza mpe msomaji wa kwanza: elimu, cheti cha HACCP, miaka ya uzoefu, leseni, kila kimoja mstari wake. Kuanzia hapo kushuka chini ni mali ya msomaji wa pili.

#6 Sengerema_Kwetu
Nampinga Mama kidogo. Kwenye ajira za serikali sifa ndizo kila kitu. Nimeomba sana kupitia portal.ajira.go.tz. Majukumu yanayoandikwa mle yanatoka kwenye muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada husika, ndiyo maana tangazo la afisa uvuvi la mwaka huu linafanana na la zamani neno kwa neno. Hakuna meneja aliyekaa akaandika shida zake. Wakisema stashahada ni stashahada. Wakisema umri usizidi miaka 40, wewe wa 41 umetoka.

#7 Ofisa_Mstaafu_Ilemela
Sengerema, umri kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ni usiozidi miaka 45, na walioko kazini serikalini hawahusiki na kikomo hicho. Hayo mengine umesema sawa. Niongeze kwamba huko hata aina ya karatasi inahesabika: hati ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi mahali pa cheti.

Lakini ni kwenye CV tu ambako majukumu ya serikali hayana kazi. Kwenye usaili wa kuandika yana kazi kubwa. Ukiona jukumu la "kukusanya takwimu za uvuvi", jiandae kuulizwa takwimu za mwaloni zinakusanywaje. Vijana wengi hulitupa tangazo wakishatuma maombi. Mimi niliwaambia wanangu walihifadhi mpaka siku ya usaili.

#8 Mama_Ajira
#6 na #7 nakubaliana nanyi kwa upande wa serikali. Binti ametaja kiwanda binafsi, nilijibu hilo.

#9 Tajiri_wa_Dagaa
Mbona mnazunguka? Chukua maneno yote ya majukumu yabandike kwenye uzoefu wako. Wao wameandika "kuchukua sampuli za maji, barafu na meza", na wewe andika "nilichukua sampuli za maji, barafu na meza". Mdogo wangu alifanya hivyo akaitwa usaili.

#10 Fundi_Kipimajoto
Tajiri, kuitwa aliitwa. Alipata?

Mimi nipo upande wa ubora, nimekaa kwenye meza ya usaili. Mtu anayebandika majukumu tunamjua kwa swali la kwanza. Kwa mfano kaandika "kusimamia ukaguzi wa joto la samaki". Namuuliza: kipimajoto chako ulikuwa unajua vipi kwamba kinasema kweli? Aliyefanya kazi anajibu bila kufikiri: unaponda barafu, unaijaza kwenye chombo na maji kidogo, unakoroga, unachovya sindano ya kipimajoto, kinatakiwa kisome 0. Kikisoma 2 unakiweka pembeni, unaandika kwenye daftari lake. Aliyebandika anaanza kunieleza umuhimu wa ubora kwa taifa.

Maneno ya tangazo uyatumie, ndiyo, ili meneja akutambue kuwa mnazungumza lugha moja. Ila kila neno la tangazo ulifuatishe na jambo ambalo tangazo halikulisema, ambalo asiyekuwepo mapokezini hawezi kulijua.

#11 Tajiri_wa_Dagaa
Hakupata. Lakini aliitwa.

#12 Binti_wa_Kirumba
Asanteni sana. Fundi, kwenye CV yangu ya sasa nimeandika hivi: "Nilihusika na masuala yote ya ubora katika kitengo cha mapokezi ya samaki." Hapo nimekosea?

#13 Fundi_Kipimajoto
Hujadanganya, ila hujasema kitu. Niambie gari la samaki likiingia pale getini, wewe ulikuwa unafanya nini kwa mikono yako?

#14 Binti_wa_Kirumba
Gari likifunguliwa naangalia kwanza barafu imebaki kiasi gani. Nachukua samaki wa juu, wa katikati na wa chini kabisa, nachoma kipimajoto kwenye nyama nene mpaka kati. Naangalia mashavu na macho, nanusa. Wafupi chini ya sentimita 50 natenga na kuandika. Halafu najaza fomu: namba ya gari, jina la msambazaji, mwalo, muda, joto, natoa namba ya shehena. Hiyo namba ndiyo inakwenda na samaki mpaka kwenye boksi. Mzigo ukiwa na joto kuliko kikomo nauzuia, namwita msimamizi.

#15 Fundi_Kipimajoto
Umeona? Umejibu jukumu la kwanza na la pili kwa pumzi moja, na ukurasa wako wa CV ulikuwa hausemi hata moja. Hayo maelezo yapunguze yawe mistari mitatu. Kuzuia mzigo usiliache, maana hapo ndipo "kusimamia" inapoonekana. Kupima anapima yeyote. Kumwambia dereva aliyetoka kisiwani usiku kucha kwamba samaki wake hawapokelewi ni kazi ya afisa.

#16 Nyanza_Mhasibu
Na mimi nitoe langu. Niliomba kazi ya utunza stoo kwenye hoteli moja hapa mjini. Sifa zilitaka stashahada ya ugavi, ninayo. Nikaijaza CV na masomo niliyosoma chuoni. Sikuitwa. Aliyeitwa ni mtu wa cheti tu, jirani yangu. CV yake nilikuja kuiona, ilisema alikuwa anahesabu stoo ya jikoni kila wiki na kulinganisha na leja, na tofauti akaipeleka kwa mpishi mkuu siku hiyo hiyo. Jukumu la kwanza kwenye tangazo lilikuwa kudhibiti upotevu wa vyakula. Mpaka leo siamini kabisa kama ni hilo, labda alikuwa na mtu ndani. Lakini nimelikumbuka baada ya kusoma #5.

#17 Furu_Mbichi
Mhasibu, "alikuwa na mtu ndani" ndiyo maelezo ya Mwanza kwa kila kitu 😂

#18 Mzee_wa_Igogo
Furu usicheke, hayo yapo. Kuna matangazo sifa zake zimekatwa kumkaa mtu fulani kama suti ya fundi. Ukiona fani mbili zisizohusiana, miaka kamili ya uzoefu na lugha ya ajabu, ujue mwenye suti yupo ndani ya ofisi tayari.

Ila mimi bado nasema shahada ni shahada. Mama, yule kijana wako wa safu akikuta stashahada si anaweka mkasi?

#19 Mama_Ajira
Swali la haki. Inategemea, na tangazo lenyewe lina dalili.

Tazama kwanza vitenzi vya majukumu. Kimoja tu ni "kusimamia". Vinavyobaki ni kutunza, kuchukua, kushirikiana, kufundisha. Hakuna kuandaa bajeti, hakuna kupitisha mpango wa HACCP, hakuna kuajiri. Hii ni kazi ya mtu wa sakafuni mwenye gumboti, na wanaoifanya viwandani ni watu wa stashahada kwa wa shahada. Kama majukumu yangekuwa ya kupanga na kupitisha, ningemwambia binti asipoteze muda wake.

Tazama pia jinsi sifa zilivyosemwa. ISO wameita nyongeza, kwa hiyo hiyo haimtoi mtu. Lakini kwenye shahada hawakuandika "lazima", wala hawakuandika "au stashahada yenye uzoefu". Wamenyamaza. Penye kimya kama hicho nimeona wa stashahada wakiitwa pale waombaji wa shahada wanapokuwa wamemaliza chuo juzi na hawajawahi kushika samaki kiwandani. Nimeona pia wakikatwa wote bila kusomwa. Sitamdanganya.

Asichokifanya ni kuificha. Asiandike "elimu ya juu ya uvuvi" akitumaini watadhani ni shahada. Aandike stashahada, chuo, mwaka, halafu mstari unaofuata uwe miaka ya mapokezi. Kijana wa safu akikosa vema moja na kuziona tatu zilizojaa, baadhi yao huuliza kabla ya kukata.

#20 Sengerema_Kwetu
"Baadhi yao." Mama, hapo kuna bahati nasibu.

#21 Mama_Ajira
Ipo. Ndiyo maana nilisema inategemea.

#22 Kamanda_Nyakato
Sasa nimesoma uzi wote. Swali langu: leseni ya udereva inatafuta nini kwenye kazi ya ubora? Sioni jukumu lolote la kuendesha gari.

#23 Fundi_Kipimajoto
Kamanda leo umeuliza swali zuri kuliko sisi wote. Sifa isiyo na jukumu lake mara nyingi ina jukumu lililofichwa. Mimi nahisi wanataka mtu wa kwenda mialoni kukagua boti za kukusanyia samaki na jinsi wasambazaji wanavyoweka barafu. Ukishasema shehena ifuatilike hadi mwalo ilikotoka, lazima mtu aende kwenye huo mwalo.

#24 Ofisa_Mstaafu_Ilemela
Inaweza kuwa uwanja wa ndege, kuwahi na karatasi za mzigo.

#25 Mama_Ajira
Nami nimeona sababu nyepesi kuliko hizo: ofisi inachukua tangazo la zamani la afisa masoko, inabadilisha cheo na majukumu, sifa zinabaki. Tangazo likiandaliwa kwa haraka, sehemu inayonakiliwa ni sifa.

#26 Fundi_Kipimajoto
Inawezekana. Lakini kama binti amewahi kwenda mwaloni kikazi, hapotezi kitu akiandika mstari mmoja. Ikiwa mimi nimekosea, ni mstari mmoja. Ikiwa nimepatia, atakuwa peke yake aliyejibu swali ambalo halikuandikwa.

#27 Binti_wa_Kirumba
Nimewahi. Nilitumwa Ukerewe na msimamizi kuangalia jinsi msambazaji mmoja anavyopanga samaki na barafu kwenye boti, baada ya mizigo yake kuja na joto mara kwa mara. Sikuwahi kufikiri kuiweka kwenye CV maana haikuwa kazi yangu rasmi.

Kuhusu kufundisha wapya, mimi si mkufunzi, ila kila anayeletwa mapokezini alikuwa anakaa na mimi kwanza. Hiyo inahesabika?

#28 Fundi_Kipimajoto
Inahesabika, usiiite tu mafunzo. Andika ulichowaonyesha. Na Ukerewe iweke! Andika na kilichotokea baada ya safari kama unakijua.

#29 Binti_wa_Kirumba
Nimejaribu. Juu nimeweka elimu, cheti cha HACCP, leseni D, miaka ya uzoefu. Chini yake, uzoefu:

"Nilikagua kila gari la samaki lililopokelewa zamu yangu: joto la kiini kwa samaki wa juu, kati na chini ya shehena, urefu, macho, mashavu na harufu. Nilizuia mizigo iliyozidi 4°C na kumjulisha msimamizi.

Nilitoa namba ya shehena na kujaza fomu ya mapokezi (gari, msambazaji, mwalo, muda, joto), kisha kuingiza kumbukumbu hizo kwenye Ekseli kila mwisho wa zamu.

Nilitumwa mwaloni Ukerewe kukagua upangaji wa samaki na barafu kwenye boti ya msambazaji; mizigo yake iliyofuata ilipokelewa ndani ya kikomo.

Niliwaonyesha wafanyakazi wapya wa mapokezi namna ya kupima joto, kuhakiki kipimajoto kwa maji ya barafu na kujaza fomu.

Nilisaidia kuchukua sampuli za maji na barafu."

#30 Tajiri_wa_Dagaa
Hii imekaa. Hata mimi ningekuajiri, tatizo dagaa wangu hawana HACCP.

#31 Nyanza_Mhasibu
Ekseli umeiingiza ndani ya kazi, nimependa. Mimi huwa naiandika peke yake chini kabisa, "kompyuta: nzuri".

#32 Ofisa_Mstaafu_Ilemela
Hiyo 4°C uwe na hakika nayo. Ulaya wanataka samaki mbichi akae kwenye joto linalokaribia la barafu inayoyeyuka, na kila kiwanda kina kikomo chake kwenye mpango wake wa HACCP. Andika kile cha kiwanda chako, maana utaulizwa kilitoka wapi.

#33 Binti_wa_Kirumba
4 ndicho kilichokuwa kwenye fomu yetu, mzee wangu. Asante.

#34 Mama_Ajira
Neno "nilisaidia" kwenye sampuli liache kama lilivyo ikiwa ulisaidia kweli. Naona hapo ndipo ulipo mwembamba: majukumu yanataka mchukua sampuli na wewe ulikuwa msaidizi. Usilinenepeshe. Ongeza sampuli zilikwenda maabara ipi na ulishika sehemu gani ya kazi: kuchoma bomba kwa moto kabla ya kukinga maji, kuandika lebo, kuzibeba kwenye barafu.

Na jukumu la nne, wakaguzi wa serikali, sijaliona kabisa.

#35 Binti_wa_Kirumba
Sijawahi kukaa na mkaguzi. Fomu zangu ndizo walizokuwa wakiomba, mimi nilikuwa nazitoa kwenye faili na kumpa msimamizi.

#36 Fundi_Kipimajoto
Basi andika hivyo hivyo: "fomu zangu za mapokezi zilitumika kwenye ukaguzi wa mzigo wa kusafirisha." Mkaguzi anaanza na karatasi kabla ya samaki, meneja ataelewa.

#37 Mzee_wa_Igogo
Mimi bado nasema shahada. Lakini tuma, binti yangu, na cheti cha HACCP uandike mwezi na mwaka, na nani alikitoa. Kijana wa safu atakitafuta.

#38 Sengerema_Kwetu
Nina swali la pembeni kwa Mama. Kuna tangazo limebandikwa huku la msimamizi wa kiwanda kidogo cha barafu. Lina majukumu kumi na moja na sifa moja tu: "awe mchapakazi". Hapo kijana wa safu anaweka vema wapi?

#39 Mama_Ajira
Hapo hakuna kijana wa safu. Tangazo kaliandika mwenye mali na atakayesoma CV ni yeye. Angalia majukumu matatu ya kwanza, hayo ndiyo yaliyomjia kichwani alipoketi kuandika. Ni yapi?

#40 Sengerema_Kwetu
Kuhakikisha mashine haizimiki usiku, kusimamia fedha za mauzo, kutunza funguo.

#41 Mama_Ajira
Basi ameibiwa, au jenereta imemkosesha mauzo, au yote mawili. Ukurasa mmoja unatosha. Anza na sehemu uliyowahi kukabidhiwa fedha na nani alikuwa anazihesabu baada yako, na huyo mtu awe mdhamini wako wa kwanza, namba ya simu inayopatikana. Mashine ifuate.